Baridi ya Nakuru isikudanganye

Wasee, kuna hii imani hapa mtaani kwamba baridi ya Nakuru itapoza Jetson Orin Nano yako, kwa hivyo weka MAXN na usahau. Mimi nakataa.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, kama asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Feni inazunguka vilevile, lakini inasukuma hewa kidogo, na hewa kidogo hubeba joto kidogo. Sasa fungia bodi kwenye boksi la plastiki juu ya paa, jua la saa saba likichapa. Hapo baridi ya asubuhi haikusaidii kitu.

Maoni yangu: anza na wati 15. Cheki kwanza uko modi gani, halafu fuatilia joto:

```
sudo nvpmodel -q
sudo tegrastats
```

Washa modeli yako ya kamera nusu saa, mchana, boksi likiwa limefungwa. Angalia namba iliyo baada ya `gpu@`. Ikitulia kwenye nyuzi 70 hivi, uko sawa. Ikizidi kupanda kukaribia 100, bodi itajipunguzia kasi yenyewe. Utajua tu: picha kwa sekunde zinashuka na kazi ni ile ile. Hapo wati 25 zako ni za bure.

Bado unataka kupanda modi? Toboa boksi kwanza, hewa iingie chini na itokee juu, kisha rudia kipimo.