Si Kila Shalom ni Amani

Wapenzi wa lugha, kuna kauli inayorudiwa katika mashairi yetu na katika mijadala yetu kana kwamba ni hesabu iliyokwisha kupigwa: shalom ni amani. Asemaye hivyo hudhani amekwisha kutafsiri. Nami nadai kwamba, kwa upande wa manabii, na hasa Yeremia, kauli hiyo imetufumba macho. Tena nadai kwamba dawa tuliyozoea kuileta, yaani kusema kuwa shalom ni kila jambo jema kwa mpigo mmoja, haiponyi kitu.

Mzizi wa neno ni sh-l-m, na ndani yake mna wazo la kukamilika, la kutopungukiwa. Kwa mzizi huo huo Mwebrania husema mtu amelipa deni. Binamu zake wa Kiarabu wametufikia sisi katika salama na salamu. Neno amani limetoka ukoo mwingine, wa kuaminika na kutokuwa na hofu. Lakini nisieleweke vibaya: mzizi hutuambia neno limetoka wapi, hautuambii linafanya kazi gani katika mstari. Kazi hiyo huamuliwa na majirani zake.

Washairi tuna bahati hapa. Nabii wa Kiebrania huusema mstari wake kwa vipande viwili vinavyoitikiana, mithili ya ukwapi na utao. Basi ukitaka kuijua shalom ya mstari fulani, tazama limewekwa sambamba na nini, au limepambanishwa na nini.

Chukua Yeremia sura ya 8, aya ya 15. Watu wanalia kwamba walitazamia shalom na jema halikuja; walitazamia wakati wa kuponywa, na tazama, ni hofu. Katika kipande cha pili shalom inaitikiwa na uponyaji. Rudi nyuma aya nne tu, na hapo utawakuta wale manabii na makuhani mashuhuri wanaolitamka neno hilo mara mbili mfululizo, ilhali halipo. Aya hiyo, ambayo imo pia katika 6:14, inaanza kwa kuwashutumu kwamba wameliponya jeraha la watu juu juu. Nabii amemchora tabibu mzembe: amefunga kidonda kwa kitambaa bila kukisafisha, kisha amempigapiga mgonjwa begani na kumwambia kwamba yu mzima.

Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 imeweka amani mahali hapo, nasi tukairithi. Kwa sababu hiyo msomaji wa Kiswahili husikia wanasiasa wakitangaza kwamba vita havitakuja. Hilo nalo limo, maana adui alikuwa akija kutoka kaskazini. Ila yule tabibu ametoweka, na jeraha limebaki likining'inia bila mwenyewe. Sitiari imevunjika kiunoni, na sisi tunaojinasibu kuwa mafundi wa sitiari tumeisoma miaka yote bila kuuliza.

Ushahidi wa pili ni Isaya 45:7. Mungu anajitaja kuwa mwenye kuumba nuru na giza, kisha mwenye kufanya shalom na raa, yaani ubaya, maafa. Muungano imeandika suluhu. Lakini kinyume cha suluhu ni ugomvi, na hapa hapana ugomvi. Katika gombo kubwa la Isaya lililopatikana Kumrani mwaka 1947, mahali pa shalom pameandikwa tov, yaani jema. Ama mnakili alilielewa neno hivyo, ama aliipokea nakala iliyosema hivyo. Kwa vyovyote vile, palikuwa na Wayahudi wa kale waliousoma mstari huo kuwa wa heri na shari. Kiswahili kina jozi hiyo tayari, tena yenye vina, nasi tumeiacha kabatini.

Sasa kesi iliyo nzito zaidi. Baada ya mwaka 597 K.K., Yeremia aliwaandikia barua mateka waliopelekwa Babeli. Katika sura ya 29 anawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, waongezeke. Kisha, katika aya ya 7, anawaambia waitafute shalom ya mji ule, kwa kuwa shalom yao imo katika shalom yake. Neno limetokea mara tatu katika aya moja, na aya zilizotangulia zimekwisha kulijaza: nyumba, bustani, watoto. Hiyo ni heri ya mji, ustawi wake. Tena ni mji wa adui. Anayesoma amani peke yake huenda akadhani mateka wameambiwa tu wasifanye fujo.

Miaka michache baadaye Yerusalemu imezingirwa. Katika 38:4 wakuu wanamtaka mfalme amwue Yeremia, na shtaka lao ni kwamba mtu huyu hawatafutii watu hawa shalom, bali raa. Kitenzi ni kile kile cha barua, darash, na nomino ni ile ile. Wakuu wanamgeuzia nabii neno lake mwenyewe: Babeli uliitakia shalom, sisi je? Muungano imekishika kitenzi katika pande zote mbili kwa kutumia kutakia, lakini nomino imekuwa amani katika barua na heri katika shtaka. Heri ni chaguo zuri. Kosa ni kwamba barua haikupewa heri hiyo hiyo, na hivyo mwangwi uliokuwa uzi wa kisa kizima umekatika.

Hapa husimama mwenzetu na kusema: basi tuseme shalom ina amani, afya, ustawi, ukamilifu na furaha, yote pamoja, kila mahali. Hapana. James Barr alilikosoa kosa hilo mwaka 1961, katika kitabu chake juu ya semantiki ya lugha ya Biblia: kukusanya maana zote za neno kutoka kila mahali na kuzimimina katika mstari mmoja. Katika Yeremia 13:19 neno la mzizi huu linasema tu kwamba Yuda wamechukuliwa mateka wote kabisa, pasipo kubaki mtu. Nani atatia furaha hapo? Upana wa neno ni upana wa ghala. Mstari huchukua kilicho kazi yake.

Pendekezo langu ni hili. Katika barua na katika shtaka, tuandike heri kotekote. Katika mashairi ya jeraha, tuandike uzima. Kwetu -zima ni kutopungua na ni afya kwa pamoja: siku nzima, nyumba nzima, u mzima? Hata katika 15:5, nabii anapouuliza Yerusalemu ni nani atakayegeuka njiani kumjulia hali, neno ni shalom, na jibu la Kiswahili liko midomoni mwetu kila asubuhi.

Najua pingamizi. Uzima umekwisha kukabidhiwa maisha ya milele, na wapo watakaochanganyikiwa. Tena pale ambapo vita ndivyo vinavyokanushwa waziwazi, kama katika 28:9, penye nabii wa shalom dhidi ya manabii wa vita, amani ibaki na ishike kiti chake. Sikatai neno, nakataa uvivu. Atakayeandika tena beti juu ya manabii waliotangaza amani pasipo amani, kwanza amtafute yule mgonjwa aliyefungwa kidonda juu ya usaha. Ndiye aliyekuwa akizungumziwa.