Jirani Naye Afanye Mazoezi

Miongoni mwa vijana wanaotengeneza filamu fupi kwa kamera ya kuazima na fedha za mfukoni, kuna imani moja ambayo kila mmoja huipokea kwa mwenzake bila kuihoji: ukimtumia rafiki au jirani asiyewahi kuigiza, usimfanyishe mazoezi, utamharibu. Mwite siku ya kurekodi, msimulie kisa kwa dakika tano, washa kamera, uhalisia utajileta wenyewe. Imani hii inapendwa kwa kuwa inampunguzia mwongozaji kazi. Ndiyo pia inayozaa filamu ambazo fundi wa kweli, akiwa ndani ya kibanda chake mwenyewe, anaonekana wa uongo kuliko mwigizaji yeyote wa kulipwa.

Sababu si ngumu kuiona. Mtu aliyeitwa ghafla mbele ya kamera ana mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja: aseme nini, asimame wapi, mikono aiweke wapi, na wale watoto waliojazana dirishani wanamcheka nani. Uhalisia ni yale mtu anayoyafanya bila kuyafikiria. Hakuna anayeweza kufanya bila kufikiri jambo analolifanya kwa mara ya kwanza mbele ya umati.

Watetezi wa imani hii hawakosi majina makubwa ya kutaja. Humtaja Vittorio De Sica, ambaye katika *Ladri di biciclette* ya mwaka 1948 alimpa mfanyakazi wa kiwandani, Lamberto Maggiorani, nafasi kuu. Humtaja Ken Loach na filamu yake *Kes* ya mwaka 1969, ambamo mvulana wa shule wa Barnsley, David Bradley, anamlea kipanga. Loach anajulikana kwa kuwapa waigizaji wake mwongozo kipande kwa kipande, wasijue kisa kinaelekea wapi. Hapo watetezi hutulia, wakiamini wameshinda.

Wanaisahau sehemu iliyofanya mbinu hiyo ifanikiwe. Bradley alifundishwa kumshika, kumlisha na kumrusha kipanga na Richard Hines, ndugu wa mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu hiyo. Anapomwita ndege uwanjani, kamera inarekodi ujuzi alioufanyia kazi, wala hakuna bahati hapo. Loach pia alirekodi kwa mpangilio wa hadithi, tangu mwanzo hadi mwisho, ili mtu aifikie kesho ya mhusika akiwa ameshaipitia jana yake. Hayo ni maandalizi, na ya gharama kubwa, maana kurekodi kwa mpangilio huo humlazimu mwongozaji kurudi mahali pamoja mara kadhaa. Alichowaficha waigizaji kilikuwa kidogo sana kikilinganishwa na alichowapa.

Mfano unaoibomoa imani hii kabisa unatoka Brazili. Fernando Meirelles na Kátia Lund walipotaka kutengeneza *Cidade de Deus*, filamu iliyotoka mwaka 2002, waliwatafuta vijana katika mitaa ya mabanda ya Rio de Janeiro, wengi wao wakiwa hawajawahi kuigiza. Walichagua kama 200 na kuwaweka kwenye warsha iliyoendelea kwa miezi. Vijana hawakukaririshwa mwongozo. Walipewa hali: wewe unamdai huyu, huyu hataki kulipa, haya. Waliigiza, wakarudia, wakabishana, na mengi waliyoyasema yakaingia kwenye mwongozo. Kabla ya filamu kubwa, waongozaji hao walitengeneza kwanza filamu fupi, *Palace II*, ya mwaka 2000, ikiwa jaribio la njia hiyo. Watazamaji wengi walipoona *Cidade de Deus* walidhani vijana wale wamerekodiwa wakiishi tu.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni mazoezi ya nini. Hapa watetezi wana chembe ya ukweli, nayo isifichwe. Mpe jirani karatasi, mwambie akariri, na kila sentensi itatoka kwa mlio ule ule wa mwanafunzi anayesoma mbele ya darasa. Mlio huo ukishakaa, kuung'oa ni shida. Lakini kosa hapo ni la kukariri.

Chukua onyesho moja la dakika tatu. Fundi cherehani, ambaye ndiyo kazi yake kweli, anafuatwa na mama wa mtaani aliyelipia sare ya mwanawe. Shule inafunguliwa Jumatatu, kitambaa hakijanunuliwa, fedha imeshatumika. Mwongozaji mwenye busara ataomba jioni tatu, saa moja kila jioni.

Jioni ya kwanza hakuna kamera wala karatasi. Anawasimulia kisa, kisha anamuuliza fundi: mteja akija na kazi haijaisha, unamwambiaje? Fundi atacheka, halafu atatoa maneno ambayo mwandishi hangeyapata mezani kwake. "Mama, hapa kimebaki kifungo tu." Mama naye ana majibu yake, ya mtu aliyewahi kuzungushwa. Mwongozaji anaandika upya kwa kusikiliza, akibakiza mambo matatu tu yasiyoweza kukosekana: sare haiko tayari, fedha haipo, Jumatatu ni shule. Mengine waseme kwa namna yao, mradi matatu hayo yapite kwa mfuatano huo.

Jioni ya pili wanahamia kibandani, na mazoezi sasa ni ya mwili. Fundi ashone huku akijibu. Baada ya kurudia mara chache, mwongozaji makini ataona jambo: kila fundi anapotaka kudanganya, mguu unasita kwenye pedeli. Hilo halikuandikwa na mtu, na lina thamani kuliko nusu ya maneno. Asimwambie fundi kwamba ameliona. Akimwambia, kesho fundi atasita kwa makusudi, na mtazamaji atajua. Sifa huharibu kwa njia hiyo hiyo: "ulivyoinua macho pale, safi sana" ni sentensi inayoua jicho lile. Inatosha kusema, "Vizuri, tuendelee."

Jioni hiyo ndipo pa kuamua mama anaingilia wapi na anasimama wapi. Alama ya utepe sakafuni haimfai mtu asiyezoea, kwa kuwa ataitafuta kwa macho. Kiti kikiwekwa mahali anapotakiwa kufika, atakishika mgongo wake na kusimama hapo kila mara bila kuambiwa.

Jioni ya tatu kamera iko juu ya miguu yake na maikrofoni iko juu ya vichwa, lakini hakuna kinachorekodiwa. Lengo ni vyombo vizoeleke hadi visahaulike. Wanapitia onyesho lote isipokuwa pale mama anapotambua kuwa fedha imeliwa. Hapo mwongozaji anasimamisha. Wanajua kitu gani kitatokea, ila hawajakitendeana. Upya ambao watetezi wa imani ile wanaulilia, hapa ndipo mahali pake, ndani ya dakika moja iliyozungukwa na mazoezi pande zote.

Siku ya kurekodi, kazi kubwa ya mwongozaji ni utulivu. Kibandani wabaki wanaohitajika tu: kameramani, mtu wa sauti, mwongozaji. Mtu mmoja asimame nje akiwa na jukumu la watoto, wapita njia na duka la jirani lenye muziki, ambalo limeombwa tangu jana yake liuzime. Simu zizimwe. Fundi ambaye jioni zote tatu amekuwa akizungumza kwa sauti yake ya kawaida akisikia mtu anapiga kelele "Akshen!" anakakamaa, mabega yanapanda, na dakika ya kwanza imekufa. Kuna njia nyingine. Fundi anaambiwa aendelee kushona, kamera inawashwa kimya kimya kwa ishara ya mkono, na baada ya nusu dakika ya kushona kweli, mama anaashiriwa aingie. Kibao cha kulinganisha sauti na picha kipigwe mwishoni, kikiwa kimegeuzwa juu chini ili mhariri ajue. Maneno yakiisha, kamera isizimwe upesi. Mara nyingi uso hulegea hapo, na picha bora hupatikana baada ya mtu kudhani imekwisha.

Marekebisho yatoke kwa mtu mmoja tu, sikioni mwa mhusika, na yawe kitendo. "Onyesha hasira" ni agizo la kumtesa mtu, hajui alishike wapi. "Usimruhusu aangalie cherehani, mfanye akutazame wewe" ni kazi ambayo mama yeyote anaijua, na hasira itakuja humo humo. Mwongozaji asimwigizie namna ya kusema, maana jirani atamwiga yeye, na kuiga huko kutaonekana.

Dalili za kuharibika zinajulikana. Fundi anamtupia mwongozaji jicho baada ya kila sentensi. Midomo ya mama inatembea fundi anapozungumza. Jibu linatoka kabla swali halijaisha, yaani hakuna anayemsikiliza mwenzake. Kurudia mara ya tisa hakutibu. Kinachotibu ni kubadilisha kazi: fundi atafute mkasi uliofichwa chini ya vitambaa huku akijibu, au sentensi inayomshinda ifutwe na kimya kichukue nafasi yake. Na kwa kuwa watu hawa hawatarudia kitendo kwa namna ile ile kila mara, zirekodiwe picha za mikono, sindano, pedeli na mlango peke yake. Mhariri atazihitaji kuunganisha matoleo yasiyolingana.

Mwongozaji wa Senegali, Ousmane Sembène, aliijua mipaka ya watu wasiozoea kuigiza alipotengeneza *Borom Sarret* mjini Dakar mwaka 1963, filamu fupi ya dakika zipatazo ishirini. Hakuwa na sauti ya papo kwa papo, hivyo mwendesha mkokoteni wake hakubebeshwa mazungumzo mbele ya kamera. Tunamwona akifanya kazi, na mawazo yake yanasikika kwa sauti iliyowekwa baadaye. Filamu ilijengwa juu ya kile ambacho mtu yule aliweza kukitoa.

Inabaki hoja moja ya watetezi, nayo ni mbaya kuliko zote: hila. Kisa kinachosimuliwa sana kuhusu De Sica ni kwamba alimtia Enzo Staiola, mtoto wa *Ladri di biciclette*, vipande vya sigara mfukoni kisha akamshutumu kuviokota, mpaka mtoto akalia, na kilio kikarekodiwa. Wapo wanaokisimulia kisa hicho kama ushahidi wa kipaji cha mwongozaji. Jirani si mtu wa kufanyiwa hivyo. Ukimfumania kwa taarifa ya uongo kuhusu ndugu yake ili upate machozi, umeiba kitu ambacho hakukubali kukitoa, na picha ile itatazamwa na mtaa mzima. Aelezwe mapema onyesho linagusa nini, na aruhusiwe kukataa. Akikubali, zile jioni tatu ndizo zinazompa mahali salama pa kulia, na pa kuacha kulia akitaka.

Anayesema hana muda wa jioni tatu ahesabu upya. Onyesho lisilofanyiwa mazoezi hula siku nzima ya kurekodi, jua linahama, kivuli kinabadilika ukutani, betri zinaisha, na fundi amepoteza wateja wa siku hiyo. Fedha ya kumfidia ni sehemu ya bajeti, sawa na ya kukodi taa, na ilipwe kabla hajaulizia.