Tahadhari kwa Madalali: Usijibu "Maji Yapo" Kabla Hujafungua Bomba la Mita

Madalali wenzangu wa Dar es Salaam, kuna maneno yanazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, na inabidi tuyazuie kabla ya Januari, familia nyingi zinapohama kufuata shule. Ni haya: "Maji muda wote, pametulia, majirani waelewa." Dalali wa kwanza anayaandika chini ya picha za nyumba aliyoiona mara moja. Wa pili anayachukua pamoja na picha, anabadilisha namba ya simu tu. Wa tatu hata mtaa wenyewe haujui, lakini mteja akimuuliza anajibu kwa uhakika kana kwamba aliwahi kulala pale. Mteja akishayasikia kwa watu watatu anadhani yamethibitishwa na watatu, kumbe aliyeona ni mmoja, tena asubuhi moja. Hapo ndipo anapotoa kodi ya miezi 6.

Hasara kubwa iko kwenye maji, kwa hiyo nianze nayo. Nyumba nyingi tunazoonyesha zina simtanki juu ya mnara. Ukifungua bomba la jikoni mbele ya mteja, yanayotoka ni maji ya tenki yanayoshuka kwa uzito wake. Yatatoka hata kama bomba la DAWASA halijatoa tone kwa siku tatu. Mwenye nyumba akijua kuna mteja anakuja, anajaza tenki usiku, na wewe unafungua bomba kwa nia njema kabisa ukisema "unaona mwenyewe." Mteja ameona tenki lililojaa. Hakuona huduma ya maji.

Chukua mfano wa nyumba ya wapangaji wanne wanaotumia tenki moja la lita 2,000. Kila familia ikitumia lita 200 kwa siku, jumla ni lita 800, na tenki linakauka baada ya siku mbili na nusu. Sasa tuseme mtaa huo hupata maji Jumanne na Jumamosi. Kutoka Jumanne hadi Jumamosi ni siku nne, hivyo siku moja na nusu ni kavu. Kutoka Jumamosi hadi Jumanne nusu siku ni kavu. Jumla ni siku mbili kila wiki, na kwa siku hizo familia moja inahitaji lita 400, yaani madumu 20 ya lita 20. Dumu likiuzwa shilingi 500, ni shilingi 10,000 kwa wiki, kama 40,000 kwa mwezi. Nyumba uliyoitangaza kwa 250,000 inamgharimu mpangaji 290,000, na wewe ulimwambia maji yapo.

Jibu la haki kwa nyumba hiyo linasemeka kwa pumzi moja: "Maji ya DAWASA hutoka Jumanne na Jumamosi, mpangaji wa chumba cha nyuma ndiye aliyeniambia. Tenki ni moja, mnatumia familia nne. Likiisha, watu hununua madumu. Twende kwenye mita tufungue bomba la kabla ya tenki." Jibu hilo lina siku, lina chanzo, na lina kitu mteja anachoweza kukipima palepale. Kama siku yenyewe si ya zamu, bomba litakuwa kavu, na mwambie hivyo. Hata ratiba ya leo si ahadi ya mwaka mzima. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua, jiji liliingia kwenye mgao, pamoja na mitaa iliyokuwa imezoea kupata maji kila siku.

Nyumba ikiwa na kisima, usiishie kusema "kuna kisima." Mwambie mteja ayaonje maji. Sehemu nyingi za jiji hili maji ya kisima ni ya chumvi: sabuni haitoi povu vizuri na midomo ya mabomba ina ukoko mweupe unaoonekana kwa macho. Halafu mweleze pampu inakula umeme wa luku ya nani, maana ugomvi mwingi wa uani huanzia hapo.

Kelele ni suala la saa. Sisi huonyesha nyumba saa nne asubuhi, siku za kazi, baa ikiwa imefungwa na fundi wa kuchomelea hajapata kazi. Ukisema "pametulia" wakati huo husemi uongo kuhusu saa nne, ila mteja hakuuliza saa nne. Mjibu kwa siku na saa: baa ya kona hupiga muziki Ijumaa mpaka Jumapili, chumba kikubwa ndicho kinachoelekea huko, chumba cha nyuma kina nafuu. Msikiti uko nyumba ya tatu, adhana ya alfajiri inasikika vizuri. Kanisa lina mkesha Ijumaa. Yaseme bila kuyasifu wala kuyalaumu, kwa sababu sauti inayomkera mmoja ndiyo mwingine anayoitafuta. Kisha mpe nafasi arudi Jumamosi saa tatu usiku, asimame mwenyewe kwenye dirisha la kulala. Mwenye nyumba anayekataa hilo amekwisha kukujibu.

Kwa majirani nawaomba muwe waangalifu zaidi, maana hapa tunakosea kwa kusema kidogo na pia kwa kusema kupita kiasi. Mteja ana haki ya kujua yale yatakayogusa maisha yake: geti linafungwa saa ngapi na nani ana ufunguo, luku ni ya kila mtu au ya pamoja, bili ya maji inagawanywa kwa vyumba au kwa vichwa, mwenye nyumba anaishi hapohapo au la. Akiuliza aliyekuwepo alihama kwa nini, na wewe unajua alihama kwa sababu ya maji, sema. Lakini ugonjwa wa jirani, ndoa yake, kabila lake na dini yake si bidhaa ya kuuzia nyumba. Akikuuliza hayo, mwambie, "Hayo siyasemi, dada. Ukihamia utawafahamu mwenyewe."

Anayejitetea kwamba "niliambiwa hivyo na mwenzangu" ajue kuwa utetezi huo haumfikishi mbali. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 18, inahesabu kuwa ni maelezo ya upotoshaji hata pale msemaji alipoamini anachosema, ikiwa alikitamka kwa uhakika bila kuwa na taarifa za kumpa uhakika huo. Na mkataba uliopatikana kwa njia hiyo unaweza kubatilishwa na aliyepotoshwa. Mwenye nyumba atarudi kwako, na ile kodi ya mwezi mmoja uliyochukua kama udalali utakuwa umeshaila.

Leo, kabla hujatuma tangazo jingine, pitia yaliyoko kwenye simu yako. Nyumba ambayo hujafungua bomba la mita, futa neno "maji muda wote" na uandike "maji: bado sijathibitisha." Waliopokea tangazo hilo kutoka kwako, watumie sahihisho kwenye grupu lilelile. Na kama kuna mteja aliyekwisha kulipia nyumba kwa maneno hayo lakini hajahamisha vyombo, mpigie yeye kwanza. Mweleze siku za maji na usiku wa muziki, kisha umwandikie meseji yenye maneno hayohayo ili abaki nayo, aamue akiwa bado hajapakia kirikuu.