Tuambie Shida, Barua Tutaitafuta Pamoja

Ukiingia ofisi yetu ya kata hapa Tanga, kabla hujaufikia mlango wa Mtendaji, utakuta meza ya mbao, benchi moja na kabati ambalo halijafunga vizuri tangu tupewe. Hapo ndipo tunapokaa sisi wasaidizi wa kisheria. Ukutani tumebandika tangazo jipya, limeandikwa kwa mkono, nalo linasema hivi:

"Karibu, keti. Tuambie kwa maneno yako mwenyewe: kimetokea nini, kimetokea lini, umeshakwenda wapi, na unataka mwisho wake uweje. Kama una karatasi yoyote, hata iliyochanika, njoo nayo. Hapa hulipi chochote. Ukitaka tuzungumze faragha, sema tu: naomba pembeni."

Tangazo la zamani lilikuwa refu na la kuchapwa. Lilitaja mirathi, ardhi, ndoa, matunzo ya watoto, kazi, na mengine ya namna hiyo, kama bango la bei dukani. Tumelibandua kwa sababu ya mama mmoja, ambaye habari zake nimezigeuza hapa na pale asijulikane.

Alikuja mara ya kwanza mwezi wa Novemba. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali mpaka tukafika kwenye mvua, akasema: "Mwanangu, naomba unisaidie kuandika barua ya mwenyekiti." Nikamwandikia barua ya kuomba utambulisho, akaipeleka serikali ya mtaa, ikagongwa muhuri. Baada ya wiki mbili akarudi. Barua imekataliwa, akaomba nyingine iliyonyooka zaidi. Nikamwandikia. Mara ya tatu alikuja na khanga imelowa jasho, akasema labda muhuri haukuonekana vizuri. Nami nikashika kalamu tena! Mwenzangu tunayekaa naye mezani ndiye aliyeuliza, bila hata kuinua macho kwenye daftari: "Mama, hiyo barua ukishaipata, unakwenda kuifanyia nini?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema yote kwa pumzi moja. Mumewe amefariki. Ameacha akiba benki. Mtoto wao amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza shule ya bweni, na shule inafunguliwa Januari.

Maneno hayo machache yangesemwa Novemba, tusingemzungusha. Lakini kosa halikuwa lake. Aliomba alichoambiwa na majirani kwamba ndicho kinachotakiwa, nasi tukampa alichoomba. Barua ya serikali ya mtaa inathibitisha kwamba unakaa mahali fulani na unafahamika. Haimpi mtu mamlaka juu ya fedha za marehemu, hata ikigongwa mihuri kumi. Mwenye akaunti akifariki, benki hutaka kuona mtu aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi.

Kwa hiyo tulianza upya, na kitu cha kwanza tulichoomba kilikuwa cheti cha kifo. Mama akatoa karatasi aliyoitunza kwenye mfuko wa plastiki kama hati ya nyumba. Ilikuwa kibali cha mazishi. Hili tunakutana nalo mara kwa mara, kwa hiyo naomba ulisikie vizuri: kibali cha mazishi ni karatasi ya kuruhusu maiti kuzikwa, si cheti cha kifo. Usikitupe, maana kitakusaidia kupata cheti, lakini mahakamani na benki hakitoshi. Cheti kinatolewa na RITA, ambao kwa ngazi ya wilaya wanapatikana kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Cheti kilipopatikana, ndugu wa marehemu walikaa kikao. Mahakama kwa kawaida huuliza kuhusu kikao hiki na hupenda kuona muhtasari wake: tarehe, majina ya waliohudhuria, walimpendekeza nani kuwa msimamizi, na saini zao. Shemeji mkubwa alisita mwanzoni. Alidhani msimamizi ndiye mrithi, na kwamba akisaini, mali yote ya kaka yake inahamia kwa mjane. Tulikwenda kumweleza barazani kwake. Msimamizi hukusanya mali ya marehemu, hulipa madeni yake, kisha huwagawia warithi. Anabeba mzigo wa wenzake na anawajibika mahakamani kwa kila shilingi. Shemeji akacheka, akasema kama ni hivyo kazi hiyo haitaki yeye, akasaini.

Kutoka hapo njia ni ya Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, ikiwa maisha yake yalifuata mila au sheria ya Kiislamu, kama yalivyokuwa ya mzee huyu. Wengine huelekezwa mahakama za juu yake, na hilo tunaliangalia kabla hujajaza chochote. Maombi hujazwa kwenye Fomu Namba I. Mahakama hutoa tangazo, ili mwenye pingamizi ajitokeze katika muda uliowekwa. Kisha hakimu husikiliza maombi, na akiridhika humteua msimamizi kwa Fomu Namba IV. Hiyo ndiyo karatasi aliyokuwa akidaiwa benki tangu mwanzo, ila hakuna aliyemtajia jina lake. Baada ya uteuzi, ndani ya miezi minne, msimamizi hupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba V, na baadaye hesabu za mirathi kwa Fomu Namba VI. Wengi wakishapata fedha benki husahau sehemu hii, na ndipo ugomvi wa familia unapoanza.

Lakini angalia kilichokuwa kimejificha ndani ya maneno yake. Mirathi, hata ikienda bila pingamizi, isingekamilika kabla shule haijafunguliwa. Alikuwa na mahitaji mawili, na la pili ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi: godoro, sare, na sanduku la mtoto. Hilo halina fomu mahakamani. Tulimwelekeza kwa afisa ustawi wa jamii, na tukamsindikiza kwa mkuu wa shule kuomba mtoto apokelewe na vifaa vifuate. Mkuu wa shule alikubali kwa mazungumzo ya dakika kumi. Tungekuwa tumeuliza Novemba, tungekuwa na miezi miwili ya kupanga badala ya siku sita.

Ndiyo maana kwenye tangazo tumeandika "unataka mwisho wake uweje". Wewe sema mwisho. Jina la karatasi tuachie sisi, hiyo ndiyo kazi tuliyofundishwa.

Na kwa nini tunauliza lini? Kijana mmoja mlinzi alikuja akitaka tumsaidie kudai cheti cha utumishi kwa mwajiri wake. Tukazungumza cheti. Aliporudi, wiki nne baadaye, ndipo aliposema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa ameachishwa kazi bila kusikilizwa, na alitaka kurudishwa. Aliona aibu kulisema mbele ya benchi lililojaa watu wa mtaa wake. Sasa, anayepinga kuachishwa kazi anatakiwa kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA, ndani ya siku 30. Siku aliyokuja mara ya kwanza ilikuwa ya 12. Siku aliyosema ilikuwa ya 40. Bado kuna mlango, wa kuomba uruhusiwe kuchelewa, lakini lazima utoe sababu nzito, na sijui ni msuluhishi gani atakayeiona aibu kuwa sababu nzito. Baada ya siku hiyo ndipo benchi letu la pili lilipohamishwa hadi chini ya mwarobaini, na maneno "naomba pembeni" yakaingia kwenye tangazo. Ukiyasema, mmoja wetu atainuka mkatoke. Hatutakuuliza sababu mbele za watu.

Tarehe nayo itaje kama unavyoikumbuka. "Juzi" ya huku kwetu inaweza kuwa Jumanne iliyopita, inaweza kuwa mwaka ule wa mafuriko. Kama huna tarehe, tupe alama: kabla ya mfungo au baada, mtoto alikuwa darasa la ngapi. Tutahesabu pamoja.

Wapo wanaokuja na shida ya "mwenzangu". Kuna jirani yangu, kuna dada mmoja ninayemjua. Tunawapokea, na hatumchunguzi mtu macho kutafuta kama jirani huyo ni yeye. Ila "jirani" huwa hajui alisaini karatasi gani, wala aliyempiga alimpiga siku gani, na majibu tutakayotoa yatakuwa ya juu juu kama taarifa zenyewe. Ukiona unaweza, hamia kwenye "mimi" katikati ya mazungumzo. Wengi hufanya hivyo, na hakuna anayestuka.

Kuhusu umeshakwenda wapi, usione haya kutuambia kwamba umeshapita kwa shekhe, kwa mchungaji, kwa balozi wa nyumba kumi, au kwa kishoka aliyekula fedha yako. Hatutakulaumu. Tunachotaka ni kujua kama kuna kesi imeshafunguliwa mahali, maana tukikupeleka kufungua nyingine juu ya ile ile tutakuharibia.

Na mipaka yetu uijue mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua, lakini sisi si mawakili. Hatusimami mahakamani kwa niaba yako, na hatuwezi kukuahidi ushindi. Tunakueleza sheria, tunakusaidia kujaza, tunakuelekeza, na jambo likituzidi tunakupeleka kwa wakili wa msaada. Kwetu hulipi. Ada za serikali, kama za cheti au mahakama, zinalipwa kwa namba ya malipo na unapewa risiti. Mtu yeyote akikuomba noti mkononi kwenye meza hii, hata kama ni mimi, mwite Mtendaji mlango wa pili.

Tupo Jumatatu na Alhamisi kuanzia saa tatu asubuhi. Kama huandiki, wewe sema, sisi tutaandika, na tutakusomea neno kwa neno kabla hujaweka dole gumba.