Mshahara wa Novemba una deni la Januari

Ukifanya kazi ya mtandaoni ya kuwahudumia wateja wa maduka ya Marekani, huenda umeona kwamba pesa huja kwa wingi wakati mmoja, kisha zikakauka wakati karo inapodaiwa. Kalenda ya wanunuzi wa huko na kalenda ya shule zetu zinagongana kila mwaka mahali pale pale. Kwa kuwa mgongano huo unajulikana mapema, mzazi anaweza kuupangia tangu Agosti.

Tuanze na kazi yenyewe. Alhamisi ya nne ya Novemba Wamarekani husherehekea sikukuu yao ya shukrani, na kesho yake ni Ijumaa Nyeusi, siku ya bei za kutupa. Mwaka 2026 itakuwa tarehe 27 Novemba. Maduka huanza kupunguza bei siku kadhaa kabla, kwa hivyo anayejibu wateja huanza kulemewa katikati ya mwezi. Hadi Krismasi swali kubwa ni moja: mzigo wangu uko wapi? Baada ya Krismasi swali hugeuka: nataka kurudisha, nirudishiwe pesa. Ndiyo maana kazi hii haikatiki tarehe 26 Desemba. Huendelea kwa kiasi hadi katikati ya Januari, kisha huanguka na kubaki chini Februari nzima.

Wanaoandika maelezo ya bidhaa au kusafisha picha zake wana msimu tofauti. Duka huandaa bidhaa kabla ya kuziuza, kwa hivyo kazi yao hupanda Septemba na Oktoba na kupungua wakati wenzao wa huduma kwa wateja wanapolemewa. Kumbuka tofauti hiyo, itatufaa hapa chini.

Sasa tutazame nyumbani. Tuchukue mama mwenye mtoto wa sekondari katika shule ya bweni ya umma inayotoza Sh53,554 kwa mwaka. Karo hiyo hulipwa kwa uwiano wa asilimia 50, 30 na 20 katika mihula mitatu. Maana yake ni kwamba nusu nzima, Sh26,777, hudaiwa Januari.

Tuseme mama huyu, baada ya makato, anabaki na Sh500 kwa saa. Miezi ya kawaida hufanya saa 20 kwa wiki, yaani Sh10,000, na ndizo zinazolisha nyumba. Kuanzia Jumatatu tarehe 16 Novemba hadi Jumapili tarehe 20 Desemba anapewa saa 40 kwa wiki. Wiki hizo tano zinamletea Sh100,000. Nyumba ikiendelea kutumia Sh10,000 kwa wiki, anabakiwa na Sh50,000 za ziada, na hapo ndipo wengi huona mambo yamenyooka.

Lakini wiki nne zinazofuata, za kurudisha mizigo, anarudi kwenye saa 20, kwa hivyo anajikimu tu. Kuanzia tarehe 18 Januari hadi mwisho wa Februari, wiki sita, anapata saa nane tu, yaani Sh4,000 kwa wiki. Kila wiki nyumba inapungukiwa na Sh6,000, jumla Sh36,000. Ongeza karo ya Sh26,777 na deni linafika Sh62,777. Zile Sh50,000 hazitoshi. Anapungukiwa na Sh12,777 hata kabla ya kununua nguo moja ya Krismasi au kulipa nauli ya kwenda mashambani.

Pengo hilo halizibiki Desemba, kwa sababu saa zimejaa. Linazibika Septemba. Kuanzia Agosti 31 hadi katikati ya Novemba kuna wiki 11, na ndio msimu wa maelezo ya bidhaa. Akipata saa mbili na nusu zaidi za kazi hiyo kila wiki, atakusanya zaidi ya Sh13,700. Zikitengwa kwenye akaunti ambayo haigusi kila siku, pengo limefungika. Anayetaka pesa za sherehe aziongeze kwenye hesabu hii, asizitoe kwenye zile Sh50,000.

Jambo la pili ni tarehe. Siku ya kufanya kazi na siku ya kushika pesa ni mbali. Kwenye Upwork, kwa mfano, wiki ya kazi za malipo ya saa hufungwa Jumapili, na pesa huweza kutolewa siku kumi baadaye. Kazi ya wiki inayoisha tarehe 20 Desemba itatolewa Desemba 30. Ya wiki inayofuata itatolewa Januari 6, bado hujahesabu muda wa kuifikisha benki au kwenye simu, na Mwaka Mpya ni sikukuu. Shule zinapofunguliwa mapema Januari, usitegemee kazi yoyote uliyofanya baada ya Desemba 20 kulipia karo. Anayelipwa moja kwa moja na duka amuulize mwenye duka sasa hivi kama atafunga ofisi wiki ya Krismasi, kwa sababu ankara iliyotumwa wiki hiyo inaweza kulala hadi watu warudi kazini.

Jambo la tatu, na kama mwandishi wa afya hili ndilo hunitia wasiwasi zaidi, ni usingizi. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja, sisi hatubadili. Zamu ya mchana ya New York iliyokuwa ikianza saa kumi jioni yetu na kuisha saa sita usiku, sasa huanza saa kumi na moja na kuisha saa saba usiku. Mabadiliko hayo huja mtahiniwa wa KCSE akiwa katikati ya mitihani na watoto wengine wakiwa likizo ndefu. Mzazi mwenye mtahiniwa wa shule ya kutwa anayelala saa saba na nusu na kuamka saa kumi na moja alfajiri amepata saa tatu na nusu. Mtu mzima anahitaji angalau saba.

Dalili huonekana kwenye kazi kwanza: unamjibu mteja kwa jina la mwingine, unasoma ujumbe mmoja mara tatu. Nyumbani utajikuta ukifoka kwa kikombe kilichomwagika. Ukisinzia ukiwa umeketi mchana, deni la usingizi ni kubwa.

Kahawa haitalipa deni hilo. Linalosaidia ni kipande cha pili cha usingizi, kwa saa ile ile kila siku, kwa mfano kuanzia saa mbili hadi saa tano na nusu asubuhi mtahiniwa akiwa shuleni. Ili kiwezekane, lazima kuwe na mtu mzima wa kuwaangalia wadogo saa hizo: shangazi, nyanya au jirani mnayeelewana, naye aambiwe Oktoba wala si usiku wa kuamkia zamu.

Na zungumza na mwajiri wako Septemba, kabla ratiba ya zamu haijapangwa. Omba saa za mwanzo wa mchana wao katika wiki za mtihani, uzifidie wiki za Desemba mtahiniwa akiwa amemaliza. Ukiomba wiki ya Ijumaa Nyeusi yenyewe, jibu litakuwa hapana, na msimu ujao huenda saa hizo akapewa mwingine.