Sikukuu Iliyomwacha Shehe Nje

Kila tarehe 22 Februari, Saudi Arabia husherehekea siku ya kuasisiwa kwa dola yake. Sikukuu yenyewe ni changa, ilitangazwa mwaka 2022 tu. Mwaka unaokumbukwa ni 1727, pale Muhammad bin Saud alipoanza kutawala Diriyah, mji mdogo wa mitende karibu na Riyadh ya leo. Usipojua historia utapita tu. Ukiijua utauliza: mbona si 1744?

Kwa sababu kwa miaka mingi hadithi ya dola hiyo ilianzia 1744. Mwaka huo ndipo Shehe Muhammad bin Abdul-Wahhab alipoingia Diriyah, akiwa ametimuliwa Uyaynah, mji aliozaliwa. Alihubiri kwamba kutukuza makaburi na kuomba kupitia mawalii ni shirki, na hakuishia kwa maneno. Alibomoa hata kuba la kaburi la Zaid bin al-Khattab, sahaba wa Mtume. Mtawala wa Uyaynah alimlinda mwanzoni, lakini mkubwa wa Al-Hasa alipotishia kumkatia mapato, shehe akaonyeshwa njia. Wafuasi wake waliitwa Wahabi, jina ambalo wao wenyewe hawalipendi, na ambalo mpaka leo linarushwa huku Pwani kwa yeyote anayepinga maulidi.

Sasa sikiliza mkataba wenyewe, jinsi waandishi wa Najd walivyousimulia. Bin Saud alikubali kumlinda shehe, ila akaweka masharti mawili. Kwanza, tukishinda usituhame. Pili, nachukua kodi kwa watu wa Diriyah wakati wa mavuno, usinikataze. Shehe alikubali la kwanza. La pili alilijibu kwamba huenda Mungu akampa ngawira kubwa kuliko hiyo kodi.

Umeona hapo? Mmoja analeta imani, mwingine analeta upanga, na pesa iko mezani tangu siku ya kwanza. Vita vya kugombea visima na malisho vikageuka kuwa jihadi. Dola ikakua mpaka ikaingia Makka mwaka 1803. Sultani wa Uturuki hakuvumilia, akamtuma gavana wake wa Misri, na mwaka 1818 Diriyah ikageuzwa magofu.

Wengine husema shehe ndiye aliyemtumia mtawala. Ni kweli bila yeye Diriyah ingebaki kijiji tu. Lakini mimi nasema ukitaka kujua nani bosi katika ndoa ya namna hii, angalia siku wanapogombana.

Siku hiyo ilifika karne ya 20. Abdulaziz, wa ukoo uleule, aliteka Riyadh mwaka 1902. Baadaye akawakusanya mabedui kwenye makazi maalum, wakafundishwa mahubiri yaleyale ya shehe, wakawa jeshi lililoitwa Ikhwani. Hao ndio waliomsaidia kuchukua Makka mwaka 1924. Walipomaliza, walitaka kuendelea. Kama jihadi ni wajibu, kwa nini isimame mpakani mwa Iraki? Kwa upande wao lilikuwa swali la haki kabisa, maana ndivyo walivyofundishwa. Tatizo ni kwamba ng'ambo ya mpaka alikuwa Mwingereza na ndege zake, na Abdulaziz alishaweka saini naye.

Mwaka 1927 maulamaa waliombwa hukumu. Waliwaunga mkono Ikhwani kwenye mambo kadhaa, lakini kwenye lile kubwa walisema kuamua jihadi ni kazi ya mtawala. Ikhwani hawakutii. Machi 1929, kwenye uwanda wa Sabilla, Abdulaziz aliwashinda kwa bunduki za rashasha. Miaka 3 baadaye nchi ikapewa jina la ukoo wake.

Novemba 1979 ilikuwa vilevile. Juhayman al-Otaibi, mtoto wa makazi ya Ikhwani, aliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka na wenzake wenye silaha, akisema ukoo wa Saud umeuza dini. Maulamaa wakatoa fatwa ya kuruhusu nguvu itumike ndani ya msikiti. Serikali ikashinda, kisha ikawapa mashehe sauti zaidi shuleni na mitaani, kama malipo.

Kwa hiyo tarehe ya 2022 isikushangaze. Mwenye dola alipomhitaji shehe, historia ilianza na shehe. Alipoona hamhitaji tena sana, historia ikarudi nyuma miaka 17, mpaka kabla mgeni hajabisha hodi.

Mhubiri anayekabidhi ujumbe wake kwa mwenye upanga huwa anadhani amepata mlinzi. Mimi naona amepata mhariri.