Mwandishi Akifa, Mrabaha Huenda Wapi?

Vitabu vingi unavyojifunzia Kiswahili viliandikwa na watu ambao hawapo tena duniani. Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema, alifariki Aprili 2020. Sheria ya Kenya hulinda kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya kufa kwa mwandishi, na miaka hiyo huhesabiwa tangu mwisho wa mwaka wa kifo. Basi riwaya hiyo italindwa hadi tarehe 31 Desemba 2070.

Tofautisha mambo mawili. Mrabaha ambao mwandishi hakulipwa ni deni, nalo ni mali ya mirathi kama fedha zilizo benki. Hakimiliki ni mali nyingine: ni mamlaka ya kuruhusu kazi ichapwe, itafsiriwe au iigizwe. Ikiwa marehemu aliiuza kwa mchapishaji kwa maandishi, warithi hawairithi. Hubakiwa na malipo yaliyoahidiwa katika mkataba. Kwa hiyo karatasi ya kwanza kutafutwa ni mkataba.

Mchapishaji mwangalifu hamlipi mtu kwa kuwa tu ni mjane au kifungua mimba. Ikiwa hapakuwa na wosia, familia ya Kenya huomba mahakamani hati ya usimamizi wa mirathi. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Hati ikitolewa, kwa kawaida hupita miezi sita kabla mahakama haijaithibitisha na mali kugawanywa. Msimamizi asilale: deni la mkataba lisilodaiwa kwa miaka sita linaweza kukataliwa mahakamani.

Akishapata hati, adai taarifa za mauzo. Tuseme nakala 2,000 zimeuzwa, bei ya kitabu ni shilingi 500, na mrabaha ni asilimia 10. Ukikokotolewa kwa bei ya jalada, mrabaha ni shilingi 100,000. Lakini ikiwa mkataba unataja fedha anazopokea mchapishaji, naye huwauzia wenye maduka kwa shilingi 350, mrabaha ni shilingi 70,000. Warithi wengi hudhani wameibiwa, kumbe hawakusoma kifungu hicho. (Kodi ya zuio nayo hukatwa kabla ya malipo.)

Sasa maoni yangu. Fedha zigawanywe, lakini hakimiliki isikatwe vipande. Watoto watano wakimiliki kila mmoja fungu lake, mchapishaji anayetaka kutoa toleo jipya atatafuta sahihi tano. Mmoja yuko ng'ambo, mwingine amenuna, na kitabu kinatoweka madukani. Ni heri wote waandikiane makubaliano ya kumteua mmoja wao kutia sahihi, kupokea taarifa kila mwaka na kuwaonyesha wenzake hesabu. Anayehofia kudhulumiwa aweke sharti kwamba mchapishaji amlipe kila mrithi fungu lake moja kwa moja katika akaunti yake.